Kibanda cha Siku Saba Chini ya Wanale

Ukiuliza stendi ya Mbale njia ya kwenda kwa Wayahudi, mwendesha bodaboda hashangai. Anakutajia Nabugoye, anakutajia bei, mnapatana, na baada ya kitambo kidogo lami imekwisha na mnapanda njia ya udongo mwekundu katikati ya migomba na mikahawa. Upande wa mashariki mlima wa Wanale unasimama kama ukuta, mwamba juu, mashamba chini, na baada ya mvua maji yanaporomoka kutoka ukingoni, meupe, mahali pengi kwa wakati mmoja. Wanale ni mkono tu wa mlima mkubwa zaidi, Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Nimeona milima mingi kuzunguka ziwa Kivu, lakini sijaona mji mwingine uliolala karibu hivi na mwamba wake, kiasi kwamba asubuhi jua linachelewa kufika sokoni kwa sababu lazima kwanza lipande Wanale.

Mimi ni mtu wa Idjwi. Kutoka kisiwani nilipanda boti hadi Bukavu, nikavuka Ruzizi hadi Kamembe, basi likanipitisha msitu wa Nyungwe hadi Kigali, kisha Gatuna, Kabale, Kampala. Baada ya daraja la Nile pale Jinja, ukifika Iganga unakamata barabara ya Tirinyi, na hapo nchi inashuka ikawa tambarare yenye mashamba ya mpunga na mabwawa ya mafunjo ya mto Mpologoma. Kando ya barabara kuna mikeka ya mafunjo imekunjwa na kusimamishwa, inangoja wanunuzi. Shika habari ya mikeka hiyo, maana huko Nabugoye ilizua mjadala.

Nilikwenda kuona kibanda. Wasomaji wa Biblia wanaijua sikukuu ya vibanda kwa kuisoma: imo katika Mambo ya Walawi, imo katika Kumbukumbu la Torati, na Nehemia anasimulia watu waliotoka kwenda mlimani kuleta matawi. Wayahudi huiita Sukoti. Inaanza tarehe 15 ya mwezi wao wa Tishri, siku 5 baada ya siku ya upatanisho, na kwa siku 7 mtu huhamishia meza yake, na akiweza hata kitanda chake, katika kibanda kilichoezekwa majani. Kongo nayo ina Wayahudi, lakini wengi walikaa mbali nasi, huko Lubumbashi, ambayo zamani iliitwa Elisabethville. Wengi wao asili yao ni kisiwa cha Rhodes, kwa hiyo ni watu wa kisiwa kama sisi. Kwa mtu wa Kivu, Nabugoye ndiyo mahali ambapo kibanda hiki kinajengwa na wakulima wenye panga mkononi na mgomba nyuma ya nyumba.

Jinsi dini hii ilivyofika hapa ni kisa cha mtu mmoja mkaidi. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza nchi hii ya mashariki, akitumaini watamfanya mfalme wake. Hawakumfanya. Aliachana nao kidogo kidogo, akaingia katika dhehebu la Bamalaki waliokataa dawa za hospitali, na kwa kuisoma Torati mwenyewe akafika kwenye amri ya tohara. Wenzake walimwambia kwamba kutahiri ni jambo la Wayahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka uliofuata alipita mgeni Myahudi ambaye wanamkumbuka kwa jina la Yosefu. Alikaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sala na namna ya kuchinja. Kakungulu alikufa mwaka 1928, na wafuasi wake wakabaki na jina la Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Rabi Gershom Sizomu, ambaye babu yake Samson Mugombe aliongoza jumuiya hii kabla yake, alisomea Los Angeles na kupata daraja ya urabi mwaka 2008. Baadaye akawa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwaka 2016 sinagogi jipya lilifunguliwa kilimani.

Nilifika kibanda kikiwa bado nguzo tupu. Watu wengi huanza kujenga mara tu mfungo wa siku ya upatanisho unapokwisha, kwa hiyo wana siku chache tu mkononi. Wavulana walikuwa wamekata mikaratusi michanga, wamechimba mashimo, wanashindilia udongo kwa miguu. Mzee mmoja, ambaye wote walimwita jjajja, alikaa juu ya kigogo na panga magotini, akasema nao kwa Luganda na nami kwa Kiswahili cha sokoni, ambacho Mbale wanakijua kwa sababu ya biashara na Kenya.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni anga. Kibanda hakiwezi kusimama chini ya mti wala chini ya paa jingine, kwa kuwa kivuli kinachohesabika ni kile tu cha majani uliyoyakata na kuyaweka kwa mikono yako. Nabugoye ina mifenesi, miembe na miparachichi, na kupata eneo tupu si rahisi kama unavyodhani. Palikuwa na pembe moja nzuri, tambarare, karibu na maji, lakini tawi la mwembe lilikuwa limenyooka juu yake. Wakaiacha. Tatizo kama hilo linaletwa na mabati. Ukitumia ukuta wa nyumba kama ukuta mmoja wa kibanda, sehemu ya bati inayotokeza juu ya ukuta si paa la kibanda, na anayekaa chini ya bati hilo hajakaa ndani ya kibanda hata kama meza ni moja. Wakasogeza nguzo hadi meza yote ikawa nje ya ukingo wa bati.

Kuta hazina masharti mengi. Sheria inataka kuta tatu, na ya tatu hata ikiwa fupi inaweza kukubalika. Zinaweza kuwa za kitu chochote: matofali, mbao, matete, turubai. Kimo cha ukuta kisipungue viganja kumi, yaani upana wa kiganja cha mkono mara kumi, ambao kwa sentimita ni kama 80. Paa lisiwe juu zaidi ya dhiraa ishirini, karibu mita 9 au 10, na eneo la ndani lisipungue viganja saba kwa saba, nafasi ya kichwa, sehemu kubwa ya mwili na meza ndogo. Mwanya usiofikia viganja vitatu unahesabiwa kuwa umezibwa, ndiyo maana ua wa fito zilizolala, kila moja karibu na mwenzake, ni ukuta halali ingawa kuku anapita. Linalotakiwa ni kwamba ukuta usiangushwe na upepo wa kawaida wala usipepee. Turubai lililofungwa juu tu, chini likacheza, lina kasoro. Wakalifunga chini kwa fito.

Lakini kuta ni mlango tu wa habari. Kibanda ni paa.

Ezeko la kibanda lina masharti matatu ambayo jjajja aliyahesabu kwa vidole bila kufungua kitabu. Liwe limeota ardhini. Liwe limekatwa, si mmea ulio hai bado juu ya mizizi yake. Na lisiwe chakula wala chombo, yaani kitu kilichokwisha kutengenezwa kwa matumizi ya mtu. Bati na turubai vinaanguka sharti la kwanza, ngozi ya ng'ombe pia. Mmea hai unaotambaa juu ya fito unaanguka la pili, na hata ukiukata baada ya kuezeka lazima uyainue majani na kuyalaza upya, kwa sababu paa linapaswa kutengenezwa, si kujikuta limekwisha kuwapo. Wengi pia hushika desturi ya kusimamisha kuta kwanza, ndipo waezeke.

Mbona masharti hayo? Wanachuoni wa zamani waliyachimba katika mstari wa Kumbukumbu la Torati unaosema mtu ashike sikukuu hii akisha kukusanya kutoka sakafu ya kupuria na shinikizo. Walisoma hapo kwamba paa lenyewe lifanywe kwa mabaki ya sakafu na shinikizo: bua lililobaki nafaka ikishatoka, mzabibu zabibu zikishakamuliwa. Kwa maneno mengine, unakaa chini ya kile ambacho mavuno yameacha. Huhitaji kueleza jambo hilo mara mbili kwa mkulima wa Bugisu au wa Idjwi, ambako bua la mahindi linarundikwa kila msimu pembeni mwa shamba. Na sheria inaingia mpaka ndani ya rundo hilo. Bua likiwa bado na gunzi lake, unapima: mabaki yakizidi chakula, linafaa, chakula kikizidi, halifai. Kwa hiyo watoto walikuwa wakipitia mabua na kung'oa magunzi yaliyosahauliwa.

Hapo ndipo mikeka ya Tirinyi ilipoingia. Kijana mmoja alikuwa amenunua mkeka mpya wa mafunjo, mpana, akasema utaokoa kazi ya siku nzima. Mafunjo yameota, yamekatwa, hayaliwi. Lakini mkeka umesukwa. Mishna, kitabu cha kale cha sheria zao, inauliza swali moja tu juu ya mkeka wa mafunjo au matete: umesukwa kwa ajili gani? Uliosukwa wa kulalia ni chombo cha nyumbani na hauezeki kibanda. Uliosukwa wa kuezekea unafaa. Mkeka uleule, mkono uleule uliousuka. Jjajja akamuuliza kijana muuzaji alimwambia nini. Muuzaji hakusema kitu, ila alikuwa na wanawe wamelala juu ya mwingine kama huo. Mkeka ukatandikwa chini, sakafuni, ukakaa vizuri.

Mimi nilikuwa na hoja yangu. Kwetu Idjwi ukishikwa na mvua shambani unakata jani la mgomba, na hema la sherehe ya ndoa linapambwa kwa majani ya mgomba. Nikauliza kwa nini wanahangaika na mabua na ilhali migomba imewazunguka. Jjajja akacheka. "Wewe Mkongo, nenda kaangalie lile la jana." Kando ya ghala kulikuwa na majani waliyokata siku iliyotangulia. Yalikwisha kuanza kujikunja kuelekea uti wake wa kati, kingo zimechanika, upana umepungua. Jani la mgomba ni halali kabisa siku unapoliweka. Shida ni siku ya 4. Sheria inataka kivuli kiwe kingi kuliko jua, na inataka hivyo kwa siku zote 7, na juu ya mboga zinazonyauka haraka wanachuoni walisema zihesabiwe kana kwamba hazipo, kwa kuwa mahali pake patakuwa hewa. Walikuwa pia na wasiwasi wa majani yanayopukutika katika chakula, kwa sababu mtu atachoka na kutoka.

Kwa hiyo paa la Nabugoye nililoliona lilikuwa na tabaka. Kwanza fito za mikaratusi kama mapao, zimefungwa kwa nyuzi za mgomba badala ya misumari, kwa sababu wengi hupendelea kitu kinachobeba ezeko nacho kiwe cha mimea. Juu yake mabua ya mahindi na ya mtama, yamelazwa upande mmoja kisha upande mwingine. Juu ya mabua, makuti ya mkindu, ambayo yanakauka bila kujikunja sana. Majani ya mgomba yalikuja mwisho kabisa, kwa uzuri wake wa kijani, yakabanwa kwa fito mbili upepo wa Wanale usiyabebe. Yakinyauka, hakuna kinachoharibika: kivuli kinashikwa na mabua. Mabua hayakupandishwa yakiwa yamefungwa mafungu. Lazima uyafungue, kwa sababu wakulima wa zamani walizoea kuanika mafungu ya kuni na majani juu ya vibanda, na wanachuoni hawakutaka mtu aanike kuni zake kisha aziite paa.

Kupima ni rahisi na kila mtu anaweza kuingia kujaribu. Unaingia saa sita mchana, unatazama chini. Madoa ya jua na madoa ya kivuli yakiwa sawa sakafuni, paa linafaa. Yakiwa sawa juu kwenye ezeko lenyewe, halifai. Mara ya kwanza hili lilinishangaza. Sababu yake ni kwamba mwanga unaopita katika tundu unapanuka ukishuka, tundu dogo juu linaleta doa kubwa chini, kwa hiyo usawa wa chini una maana kwamba juu majani yamezidi. Na tundu moja lisifike viganja vitatu kwa upana. Kwa upande wa pili, ezeko lisiwe zito kiasi cha kuzuia mvua kabisa, na jambo bora ni nyota kubwa kuonekana kupitia majani. Kibanda kisichovuja ni nyumba.

Na hapo Uganda inagongana na Yerusalemu. Katika nchi ya Israeli sikukuu hii inakuja kiangazi kikiwa kinaisha, mavuno yameingia, mbingu kavu. Ndiyo maana sala ya kuomba mvua inangoja hadi siku ya 8, sikukuu ya vibanda ikishapita, kwa kuwa hakuna anayeomba maji yamwagikie mchuzi wake. Nabugoye mwezi wa Septemba na Oktoba ni msimu wa pili wa mvua. Mawingu yanakusanyika juu ya Wanale baada ya saa nane mchana, na kila mtu anajua ratiba hiyo. Sheria haikumwacha mtu: mvua ikinyesha kiasi cha kuharibu chakula, unaruhusiwa kuingia nyumbani, na anayebaki akilowa hahesabiwi kuwa mcha Mungu zaidi. Mishna inaieleza hali hiyo kwa mfano wa mtumwa aliyekuja kumjazia bwana wake kikombe, bwana akammwagia usoni jagi zima. Mfano huo una uchungu kidogo. Nilipousikia nilifikiri juu ya mababu wa Abayudaya walioanza kuijenga sikukuu hii karne iliyopita katika nchi ambako jagi linamwagwa karibu kila alasiri. Nilichokiona mimi ni watu waliozoea. Wingu likishuka, sufuria zinafunikwa, watoto wanakimbia na sahani, na mvua ikikatika kila kitu kinarudishwa nje, meza inafutwa, maongezi yanaendelea pale yalipokatika. Usiku wa kwanza ndio wanaousubiri zaidi, kwa kuwa usiku huo kuna wajibu wa kula ndani ya kibanda angalau mkate wa ukubwa wa zeituni, na wengi husema hata kukiwa na mvua.

Mapambo ni kazi ya watoto, na hapo hakuna sharti la mimea. Walitundika minyororo ya karatasi, maua ya bugenvilia, magunzi ya mahindi mekundu, matunda ya pasheni, na katikati mkungu wa ndizi mbivu nusu, mzito, uliofungwa kwenye pao nene zaidi. Mapambo yakikaa karibu na paa, ndani ya viganja vinne, hayaharibu paa. Ila kuna tanzi moja ambalo mgeni halioni. Kitu kilichotundikwa kupamba kibanda kimetengwa kwa ajili ya kibanda kwa siku zote. Ndizi ikiiva, ikaanguka yenyewe juu ya meza, huli. Njia ya kutoka ipo, lakini ni ya kabla: kabla ya jua kuzama siku ya kuingia sikukuu, mwenye kibanda atamke kwamba hajitengi na vitu hivi. Akisema hivyo, mkungu ni chakula. Akisahau, familia nzima itatazama ndizi zikiiva, zikawa nyeusi, zikavutia nyuki, hadi sikukuu ipite. Mwaka ule nyumba moja jirani ilisahau. Watoto wa nyumba ile walikuwa na nyuso za kutia huruma, na kibanda chao kilinukia vizuri kuliko vyote.

Hali ya Mbale ya kuwa karibu na ikweta inafanya jambo moja liwe rahisi. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza. Sikukuu inaanza tarehe 15 ya mwezi unaohesabiwa kwa mwandamo, kwa hiyo usiku wa kwanza daima ni mwezi mpevu, na mwezi huo unatokea nyuma ya Wanale. Unachelewa kwa sababu ya mwamba, kama jua la asubuhi. Kwanza ukingo wa mlima unakuwa mweupe, ndipo mwezi wenyewe unachomoza, na mwanga unaingia kupitia mabua vipande vipande juu ya vyakula. Taa ilizimwa kwa muda, bila mtu kutoa amri.

Chakula chenyewe ni cha Bugisu, ila kinaanza na mkate wa kusuka wa ngano na baraka mbili, moja ya mkate na moja ya kukaa kibandani. Mkate una sababu. Kisheria kinachomlazimu mtu kuingia kibandani ni mlo wa mkate au wa nafaka za aina ya ngano na shayiri; matunda na vyakula vidogo unaweza kula popote. Matoke, wali na posho havimo katika orodha hiyo. Yaani Mganda angeweza kushiba kabisa nje ya kibanda kwa mlima wa matoke bila kuvunja kitu! Hakuna anayefanya hivyo Nabugoye. Matoke yanaingia ndani yakiwa yamefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyopikiwa, pamoja na kuku aliyechinjwa na mchinjaji wao, maharage, na malewa. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon, yamekaushwa kwa moshi, yakachemshwa muda mrefu na kuungwa kwa karanga. Yana ladha ya moshi na ya msitu, na mtu wa Kivu aliyezoea sombe atayapenda kutoka tonge la kwanza. Mchuzi wa karanga ni rafiki wa jiko la Kiyahudi, kwa sababu hauna nyama wala maziwa, na kwa hiyo unakaa na vyote viwili.

Kiti kimoja kinaachwa kwa ajili ya wageni wasioonekana. Kila usiku wanakaribishwa wazee wa Biblia, Ibrahimu usiku wa kwanza, kisha wenzake hadi Daudi. Walioonekana walikuwa wengi zaidi: jirani Mwislamu, Wakristo wa njia ya chini, na mimi. Eneo hili limezoea mchanganyiko huo. Mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu walianzisha pamoja ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, na kahawa ya asubuhi kibandani ni ya mlima huohuo.

Jambo moja wazee hulisimulia wakiwa wamekaa chini ya paa hili. Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971 alipiga marufuku dini yao, masinagogi yakafungwa, na jumuiya iliyokuwa imefikia watu wapatao 3,000 ikapungua hadi kama 300. Sala inaweza kusaliwa chumbani kwa sauti ya chini. Kibanda hakifichiki: sheria inakitaka nje, chini ya anga tupu, mbele ya macho ya kila apitaye. Wanasimulia kwamba kuna mzee aliyekamatwa kwa sababu ya kibanda chake, na ndugu wakamkomboa kwa mbuzi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku ileile Pasaka ikaingia. Sukoti iliyofuata ilijengwa hadharani.

Nikiwa Nabugoye nilijikuta nikipima Idjwi kwa macho ya jjajja. Kisiwani hakuna Wayahudi, lakini ukimleta pale mwenye kutaka kujenga, hatakosa kitu. Mikaratusi ya nguzo iko kila mteremko. Mabua ya mtama na mahindi yapo, na matete ya ufukweni ni bora kuliko yote, ili mradi hayajafungwa fungu wala kusukwa jamvi. Migomba ataiona ya ziada, lakini ajue kwamba jani kubwa la mgomba wa kasiksi linanyauka sawa na la Mbale. Kupata anga tupu kutamsumbua zaidi, maana kwetu kila nyumba imezingirwa na mgomba au mparachichi. Atapaswa kushuka karibu na maji, na huko upepo wa ziwa wa alfajiri utajaribu fundo zake zote. Mchuzi utakuwa wa sambaza, na mvua yetu ya Oktoba haina tofauti na ya Wanale.

Anayetaka kwenda, jioni ya kuingia sikukuu mwaka 2026 ni Ijumaa tarehe 25 Septemba, na mwaka 2027 ni tarehe 15 Oktoba. Fika siku mbili au tatu kabla, upate kushika panga, kwa kuwa sikukuu ikishaingia siku ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kugusa paa. Tundu likitokea linangoja siku za katikati, ambazo kazi kama hiyo ina nafasi. Mwaka 2026, kwa kuwa usiku wa kwanza ni Ijumaa, sabato na sikukuu zinaingia pamoja: usitegemee mtu wa kukubebea mzigo wala kukupiga picha. Ukitoka kwetu, beba nanasi la Idjwi, watalitundika. Ila mkumbushe mwenye kibanda alitaje kabla jua halijazama.